Gaita kwenye Njia za Matope na Theluji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila msimu kutoka kwa watu wa Dodoma, Kondoa na Singida wanaotembea vilimani wakati wa mvua, na kutoka kwa wanaojiandaa kwenda Hanang au Kilimanjaro. Karibu yote yanazunguka jambo moja: nikivaa gaita, soksi zangu zitabaki kavu? Inategemea maji yako yanaingilia wapi, kwa hiyo sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu hilo.

## Mambo ya mwanzo

Gaita ni nini hasa?

Ni kitambaa kigumu kinachozunguka mguu kuanzia juu ya buti hadi kwenye kifundo, au hadi chini kidogo ya goti. Kwa mbele kina kulabu ndogo inayonasa kwenye kamba ya buti. Chini kina mkanda unaopita chini ya soli, mbele ya kisigino, ili kitambaa kisipande juu unapotembea. Juu kuna kamba au mkanda wa kukaza. Nyingi hufungwa kwa velkro, ile inayolia ukiibandua, na baadhi kwa zipu.

Fupi zina urefu wa sentimita 15 hadi 20 hivi. Ndefu hufika sentimita 40 au zaidi kidogo. Uchaguzi kati ya hizo mbili tumeueleza kwenye sehemu ya kuvaa na kununua.

Je, gaita inazuia maji yasiingie kwenye buti?

Inazuia yanayoingilia juu tu, yaani kwenye mdomo wa buti na sehemu ya juu ya kamba. Pua ya buti, ubavu wake na mshono wa soli vinabaki wazi kama kawaida. Buti lililopasuka pembeni litaingiza maji hata ukivaa gaita ya bei kubwa kuliko zote dukani.

Watu wengi huvunjwa moyo hapa. Mtu ana buti la kitambaa lililochoka, anasikia gaita inakausha miguu, ananunua, anatembea saa moja kwenye majani mabichi na vidole vinaogelea. Gaita imefanya kazi yake vizuri, ila maji hayakupita pale inapolinda.

Nitajuaje maji yangu yanaingilia wapi?

Soma soksi. Ukifika tu, kabla hujakaa ukasahau, vua buti na utazame soksi imelowa wapi zaidi. Usingoje nusu saa, maana maji husambaa kwenye uzi na alama hupotea.

Soksi iliyoanza kulowa juu, ikawa na pete ya maji kuzunguka kifundo huku vidole vikiwa vikavu au na unyevu kidogo, inasema maji yameingia kwa mdomo wa buti. Hapo gaita itakusaidia sana. Ikiwa vidole na ubavu ndivyo vimelowa na kifundo ni kikavu, buti lenyewe linavuja. Litafutie mafuta ya ngozi, fundi, au buti jingine. Ikiwa soksi yote ina unyevu wa vuguvugu uliolingana, hasa chini ya wayo, hayo ni majasho, na gaita inaweza hata kuyazidisha.

Pitisha pia mkono ndani ya suruali, kuanzia gotini kushuka. Suruali iliyolowa chapa mbele ya muundi ndiyo mara nyingi imeteremsha maji hadi kwenye soksi.

Naweza kujaribu kabla ya kwenda mlimani?

Unaweza, na jaribio lenyewe ni rahisi: vaa gaita mguu mmoja tu. Chagua asubuhi baada ya mvua ya usiku, uende kwenye majani yanayofika nusu ya muundi. Njia za ng'ombe za nyuma ya Iyumbu zinatosha. Vaa soksi za aina moja miguu yote miwili, tembea kama dakika 20, kisha vua zote pamoja na uzikamue moja baada ya nyingine.

Soksi ya mguu usio na gaita ikitoa maji na nyingine isitoe, una jibu. Zote zikitoa maji sawa, tatizo liko kwenye buti. Zote zikiwa na unyevu mdogo tu, njia hiyo haihitaji gaita, na una haki ya kuziacha nyumbani.

## Majani, matope na mvua ya kwetu

Mvua imekatika tangu usiku. Kwa nini bado nalowa asubuhi?

Kwa sababu majani bado yameshika maji, na wewe unayapangusa kwa miguu. Kila hatua inapaka maji kwenye suruali. Suruali ikishiba, maji yanashuka na uzi hadi pindo, pindo linagusa soksi, na soksi inayavuta ndani ya buti. Buti linaweza kuwa zima kabisa, lisilopitisha tone, na bado likajaa kwa njia hii. Tena buti la namna hiyo huchelewa kukauka, kwa kuwa kinachozuia maji kuingia kinayazuia pia kutoka.

Hapa ndipo gaita inapolipa zaidi katika ukanda wetu. Dodoma mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kufikia Februari majani ya vilimani yamekwisha kurefuka. Mvua yenyewe mara nyingi hupiga kwa nguvu kisha ikaacha, kwa hiyo maji mengi utakayokutana nayo njiani yako kwenye majani. Gaita ndefu hukata mfereji ule katikati, kwa sababu majani yanapangusa kitambaa cha gaita na suruali haiguswi.

Suruali ya mvua ivaliwe juu ya gaita au ndani yake?

Mvua ikiwa inanyesha, suruali ya mvua ije juu ya gaita. Fikiria mabati ya paa: bati la juu hulala juu ya la chini, maji yakateremka bila kuingia ndani. Ukichomeka suruali ya mvua ndani ya gaita, kila tone linalotiririka kutoka pajani linaingia kwenye mdomo wa gaita, linashuka hadi buti, na halina pa kutokea. Tumeona mtu akimimina maji kutoka kwenye buti jipya kabisa kwa kosa hili tu.

Mvua ikiwa imekatika na adui ni majani au matope, geuza: gaita ije juu ya suruali. Vivyo hivyo kwenye theluji. Kama hali inabadilika kila saa, acha suruali ya mvua juu. Pindo lake litachafuka na kuchakaa mapema, ila miguu itakuwa salama.

Vipi kuhusu udongo mweusi wa mbuga?

Ule udongo mweusi wa mabondeni ukilowa hushika buti na kupanda hatua kwa hatua, hadi unajikuta umebeba kilo za tope. Gaita haipunguzi tope la chini ya soli hata kidogo. Inachofanya ni kuzuia tope lisiingie kwenye mdomo wa buti mguu unapozama hadi kifundoni, na kukinga kamba zisigandamane hadi zishindwe kufunguka.

Udongo huu una madhara yake kwa gaita. Tope hujaa kwenye mkanda wa chini, linakauka, linakuwa gumu, na mkanda unaanza kusagwa kati ya soli na jiwe. Ukitoka kwenye mbuga tafuta kijiti, ondoa tope kwenye mkanda na kwenye kulabu kabla hujaingia njia ya mawe. Velkro iliyojaa tope bichi haishiki. Isugue kwa mswaki wa zamani na maji, na usisubiri ikauke.

Tope likizidi urefu wa kifundo kwa njia ndefu, kama njia za mashamba ya mpunga upande wa Bahi, acha buti na gaita. Vaa gambuti.

Gaita ni kavu kabisa nje, lakini soksi zimelowa. Imekuwaje?

Majasho. Kitambaa kizito kilichopakwa plastiki kwa ndani hakipitishi mvuke. Mguu unapochemka, mvuke unagonga upande wa ndani wa gaita, unageuka matone na kushuka kwenye soksi. Geuza gaita utazame: ukikuta matone au utelezi upande wa ndani huku nje ni kukavu, umepata chanzo.

Kwa joto letu la mchana hili hutokea haraka, hasa ukipanda mlima. Dawa yake ni kuvaa gaita kwa muda inapohitajika tu. Pita nazo kwenye majani mabichi ya asubuhi, kisha jua likishakausha njia, zivue uzitundike nje ya begi. Kama bado unazihitaji, legeza mkanda wa juu hewa ipite. Gaita zenye kitambaa kinachopumua sehemu ya juu husaidia, lakini hata hizo hushindwa mtu anapotoka jasho jingi, au kitambaa kikishafunikwa na tope.

Nikivuka korongo lenye maji, gaita itanisaidia?

Kwa maji ya kina cha vidole viwili vitatu, yasiyofika juu ya ulimi wa buti, na ukivuka kwa hatua chache za haraka, ndiyo: inazuia rasharasha. Zaidi ya hapo hapana. Gaita haijabana kwenye buti kiasi cha kuzuia maji yaliyosimama. Maji yanapita chini ya ukingo wake, yanapanda ndani, yanaingia.

Ukiona maji yanafika kifundoni, vua buti, soksi na gaita, vuka na ndala ngumu au viatu vya akiba, kisha jifute na uvae upya. Korongo linaloshuka kwa kasi baada ya mvua ya milimani halivukwi kwa kiatu chochote. Subiri lipungue.

Tupeni mfano wa safari nzima.

Chukua kundi lililotoka Dodoma kupitia Singida hadi Katesh, kwenda kupanda Hanang mwezi Machi. Mlima huo una mita 3,420, na unaanza kupanda kutoka mashambani. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, asubuhi ilikuwa imekatika.

Saa kumi na mbili asubuhi, kwenye mashamba na majani ya chini, wote wenye gaita walizivaa juu ya suruali za kawaida. Mwenzao mmoja hakuwa nazo, akavaa suruali ya mvua. Naye alifika msituni na soksi kavu, kwa sababu suruali ya mvua inayoshuka hadi juu ya buti inafanya sehemu kubwa ya kazi ile ile. Kilichomshinda ni joto: alikuwa amelowa jasho hadi mapajani, na mwiba ulikuwa umechana pindo.

Msituni njia ilikuwa tope la utelezi. Hapo gaita ziliendelea kuvaliwa, mkanda wa juu ukiwa umelegezwa. Walipotokea juu ya msitu, kwenye vichaka na mawe, jua lilikuwa limepanda na njia imekauka, wakazivua. Mchana wingu likarudi na mvua ikaanza. Mmoja alivaa suruali ya mvua kwanza, kisha akafunga gaita juu yake kama asubuhi. Wengine walifunga gaita kwanza. Waliposhuka kambini, soksi za yule wa kwanza zilikuwa na maji kuanzia kifundoni kushuka, na za wengine zilikuwa na unyevu wa kawaida. Mlima ulikuwa ule ule, mvua ile ile, na gaita zake zilikuwa nzima. Tofauti ilikuwa mpangilio tu.

## Theluji na Kilimanjaro

Gaita inafanya kazi gani kwenye theluji?

Kazi yake nzuri kuliko zote. Theluji haitiririki ikatafuta upenyo kama maji. Inaingia kwa kumwagika juu ya mdomo wa buti, kisha joto la mguu linaiyeyusha ndani na kulowesha soksi. Ukiufunika mdomo huo, tatizo karibu lote limekwisha, hata kama gaita si ya kuzuia maji kikamilifu.

Tazama hali ya theluji kabla hujaamua. Iliyoganda usiku hukanyagwa kama sakafu, na buti halizami. Theluji mpya, au ile iliyolainika kwa jua la mchana, huzamisha mguu, na hapo gaita ndefu inahitajika. Ikianza kuyeyuka kabisa inakuwa maji, na buti lisilozuia maji litalowa kupitia ngozi yake, gaita iwepo isiwepo.

Kilimanjaro siku hizi nitakutana na theluji kweli? Nibebe?

Kileleni Uhuru, mita 5,895, unaweza kukuta njia kavu kabisa au theluji ya magotini, kutegemea wiki uliyokwenda. Lakini hata bila theluji, beba. Kutoka kambi ya Barafu au Kibo kwenda juu, njia ni changarawe na vumbi la volkano, na wakati wa kushuka unateleza na changarawe ile kwa hatua ndefu. Bila gaita buti linajaa mawe madogo ndani ya dakika chache. Yanakwaruza ngozi, na kusimama kuyatoa kwenye baridi ile ni taabu.

Kisha kuna msitu. Wanaoshuka kwa njia ya Mweka hukutana na tope siku ya mwisho, magoti yakiwa yamechoka na soksi kavu zimebaki jozi moja. Watu wengi huwa wameshazifungasha gaita chini kabisa ya begi. Ziweke juu.

Si lazima ununue kwa safari moja. Moshi na Arusha zinakodishwa. Kabla hujalipa, vuta mkanda wa chini kwa nguvu, funga na kufungua velkro mara kadhaa, na jaribu kulabu kwenye kamba za buti lako mwenyewe.

Nikikaza sana, joto litabaki ndani?

Usikaze sana. Mkanda uliobana shavu la mguu unapunguza damu inayofika kwenye vidole, na vidole vikikosa damu kwenye baridi ya kileleni viko hatarini. Vidole vyako viwili vinapaswa kupita kati ya mkanda na mguu. Ukianza kuhisi ganzi, legeza gaita na kamba za buti kabla ya kuongeza soksi. Soksi ya ziada ndani ya buti lililojaa inabana zaidi.

## Kuvaa, kununua, kutengeneza

Zinavaliwaje?

Funga buti kwanza hadi mwisho na uchomeke ncha za kamba. Nyoosha suruali isijikunje kwenye muundi, maana mkunjo utakuchubua. Zungushia gaita ukihakikisha vifungo vya pembeni viko upande wa nje wa mguu. Vikiwa ndani vitakwaruzana na kukuangusha. Nasa kulabu kwenye kamba ya chini kabisa karibu na vidole, si ya katikati. Bandika velkro kuanzia chini kwenda juu, pitisha mkanda chini ya soli mbele ya kisigino, uukaze, kisha malizia na wa juu.

Piga hatua kumi. Gaita ikizunguka au kupanda nyuma ya kisigino, mkanda wa chini umelegea.

Ninunue fupi au ndefu?

Kwa vumbi, changarawe na mbigili kwenye njia kavu, fupi zinatosha na hazichemshi mguu. Kwa majani mabichi, tope la msituni na theluji, ndefu. Kama utanunua jozi moja tu na nia yako ni soksi kavu, nunua ndefu. Fupi inaacha suruali ilowe juu yake, na maji yanashuka yale yale.

Fundi cherehani anaweza kunishonea?

Anaweza, na matokeo huwa mazuri ukimpelekea vipimo. Pima mzunguko wa shavu la mguu juu ya suruali, pima mzunguko wa buti kifundoni, na uongeze sentimita 5 kwa kila kipimo ili velkro ipate mahali pa kupandiana. Urefu pima kutoka kwenye kamba ya chini ya buti hadi vidole vitatu chini ya goti. Sehemu ya chini, sentimita 15 hivi, iwe turubai nzito ya kukabili mawe. Juu iwe nailoni nyepesi. Mwambie mshono mrefu ukae pale velkro inapoufunika, kwa kuwa matundu ya sindano hupitisha maji.

Mkanda wa chini mpelekee fundi viatu. Utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli hauchoki haraka, na tope halijengi juu yake sana.

Mifuko ya plastiki ndani ya buti haitoshi?

Mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo usiipange kwenye vifaa vyako. Na hata ingeruhusiwa, inafungia majasho kwenye mguu, na baada ya saa mbili umelowa kwa ndani badala ya nje.

## Hali za pembeni

Zinakinga nyoka?

Hapana. Gaita za kawaida ni kitambaa tu, na meno ya kifutu yanapita. Zipo za kazi hiyo maalumu, nzito na ngumu, lakini si hizi tunazozungumzia. Kwa kupe na mbegu za kunata zinasaidia. Kwa nyoka, endelea kutazama unapokanyaga.

Naweza kuvaa gaita juu ya gambuti?

Hakuna sababu kubwa. Gambuti tayari ni refu na halipitishi maji. Likiingia maji kwa juu ni kwa sababu ya mvua inayotiririka kwenye suruali, na dawa ni kuitoa suruali ya mvua nje ya gambuti, kama tulivyoeleza kwenye swali la suruali ya mvua.

Mkanda wa chini umekatika katikati ya safari. Nifanyeje?

Tumia kamba yoyote ngumu yenye urefu wa nusu mita: kamba ya hema au kamba ya akiba ya buti. Pitisha kwenye tundu la upande mmoja, chini ya soli ndani ya lile bonde lililo mbele ya kisigino, hadi tundu la pili. Funga upande wa nje kwa fundo linalofunguka. Kamba nyembamba hukatwa na mawe, kwa hiyo itazame kila mnapopumzika. Ukikosa kamba kabisa, nasa kulabu ya mbele na ukaze mkanda wa juu kidogo kuliko kawaida. Kwenye majani itavumilia hadi mwisho wa njia, lakini kwenye theluji laini itapanda, na itabidi uishushe kila baada ya hatua chache.